Nina barua ya mahakama, na sasa wosia umepatikana

Shikamoo Mshauri,

Nina miaka 43, naishi Mbagala. Baba yetu alifariki mwezi Machi. Sisi ni Waislamu. Ameacha mama na watoto watano, wavulana wawili na mabinti watatu, wote watu wazima. Babu na bibi walishatangulia. Kikao cha ukoo kilinichagua mimi kwa kuwa ndiye mkubwa, muhtasari ukaenda Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, hakuna aliyepinga, na barua yangu ya usimamizi wa mirathi ikatoka tarehe 14 Julai.

Mwezi uliopita mama alikuwa anatoa nguo za baba sandukuni, akakuta bahasha. Ndani kuna wosia kwa mwandiko wa baba mwenyewe, na saini za mashahidi wawili, imamu wa msikiti wetu na jirani. Unasema mtekelezaji wa wosia ni baba mdogo, ambaye ana miaka 71, yuko Tanga na magoti yanamsumbua. Kiwanja cha Chanika apewe kijana ambaye baba alimlea tangu ana miaka minne. Nyumba ya Mbagala apewe kitinda mimba wetu wa kiume.

Nyumba inakadiriwa shilingi milioni 75, kiwanja milioni 24, benki kuna milioni 8 na bajaji moja ya milioni 5. Madeni ni milioni 6.5 za SACCOS, na hospitali milioni 1.5 ambazo nimezilipa kwa fedha yangu. Kodi ya wapangaji wanne napokea mimi. Kaka amepata mteja wa kiwanja cha Chanika na ameshapokea milioni 3 za awali. Yeye na baadhi ya wazee wanasema barua ya mahakama ndiyo kubwa, karatasi ile ichanwe tuishi kwa amani. Mama analia tu.

Je, mimi bado ni msimamizi? Au baba mdogo ndiye mwenye mali sasa? Na nikinyamaza kuna ubaya gani?

Binti Mkubwa, Mbagala

*

Marahaba, binti, na poleni kwa msiba.

Mpaka leo wewe ndiye msimamizi. Barua ya tarehe 14 Julai haikufa siku bahasha ilipofunguliwa; itabaki hai mpaka mahakama iliyoitoa iitengue. Kwa hiyo hata kama moyo unakutuma uiweke mezani uondoke zako, huwezi. Nyumba, bajaji, kodi na madeni bado viko mgongoni mwako. Na baba mdogo hajawa mwenye mali, kama ambavyo wewe hukuwa mwenye mali. Mtekelezaji wa wosia na msimamizi wa mirathi wote wawili ni wabebaji wa mali ya watu wengine, na wanatofautiana mahali wanapoupata mzigo.

Mtekelezaji, ambaye misikitini mnamwita wasii, huchaguliwa na marehemu mwenyewe akiwa hai. Jina lake linatoka kwenye wosia, na mahakama kazi yake ni kumthibitisha ili benki na ofisi ya ardhi zimkubali. Msimamizi huteuliwa na mahakama, kwa kawaida pale ambapo hakuna wosia, au wosia upo lakini aliyetajwa amefariki, amekataa au hawezi. Hapo kuna jambo moja la kulitazama upya katika barua yako. Umeandika kwamba kikao cha ukoo kilikuchagua. Kikao kilikupendekeza. Muhtasari wake unamsaidia hakimu kuona kwamba ndugu wanaelewana, lakini mamlaka uliyonayo ni ya mahakama. Wazee waliokaa kwenye mkeka hawawezi kukuvua, na vilevile hawawezi kukuruhusu uchane karatasi.

Katika Mahakama ya Mwanzo tofauti hiyo ina sura yake ya pekee, na wengi hawaijui. Mahakama hiyo hushughulikia mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya mila, na hata pakiwa na wosia anayeteuliwa huitwa msimamizi. Ila sheria inamtaka hakimu, anapomteua, azingatie matakwa aliyoyaeleza marehemu, isipokuwa akiona kuna sababu ya kutofanya hivyo. Maana yake ni kwamba wosia ungekuwepo mezani mwezi Julai, hakimu angeanza na jina la baba mdogo. Asingelazimika kuishia hapo. Mzee wa miaka 71 aliye mbali na mali anaweza kuonekana hafai, au akasema mwenyewe kwamba hawezi. (Familia zinazofungua mirathi Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu hukuta utaratibu mwingine. Huko mtekelezaji hupewa hati ya kuthibitisha wosia, msimamizi hupewa barua za usimamizi na kwa kawaida hutakiwa dhamana, na muda wa kuwasilisha orodha ya mali ni miezi sita, hesabu mwaka mmoja. Wewe hayo hayakuhusu kwa sasa.)

Baada ya kuteuliwa, kazi ni ile ile awe nani. Unakusanya mali na madai ya marehemu, unalipa madeni na gharama, kisha unagawa kwa wanaostahili. Mpangilio huo una sababu. Ukigawa kabla ya kulipa na mdai akajitokeza, atakuja kwako, na wewe utaanza kuzunguka kwa ndugu kudai fedha ambazo zimeshakuwa mabati na ada za shule. Hiyo ndiyo ajali inayowapata wasimamizi wengi wenye nia njema, na hasara yake yaweza kudaiwa kutoka mfukoni mwa msimamizi mwenyewe.

Sasa tuufungue wosia wenyewe, maana nadhani hofu iliyojaa nyumbani kwenu inatokana na kuusoma kama amri iliyokwisha kila kitu. Haiko hivyo. Kwa sheria ya Kiislamu wosia una mipaka miwili: hauvuki theluthi moja ya mali iliyobaki baada ya gharama za maziko na madeni, na haumwongezei mrithi kitu ila warithi wengine wakiridhia. Chukua mali zako. Jumla ni milioni 112. Toa madeni milioni 8, ikiwemo ile milioni 1.5 uliyolipa wewe, kwa kuwa ukiwa na risiti unastahili kurudishiwa. Zinabaki milioni 104, na theluthi yake ni milioni 34 na ushei. Kiwanja cha Chanika ni milioni 24, na kijana wa kulea si mrithi. Kimeingia ndani ya theluthi. Kama wosia utathibitika, kiwanja hicho ni chake bila kuomba ridhaa ya mtu.

Nyumba ni habari nyingine. Kitinda mimba ni mrithi, kwa hiyo maneno ya baba juu ya nyumba ni ombi kwenu. Msiporidhia, milioni 80 zilizobaki zinagawanywa kwa mafungu ya kawaida. Mama anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane, milioni 10. Milioni 70 zinakuwa mafungu saba, kila binti fungu moja la milioni 10 na kila mvulana mafungu mawili, milioni 20. Mkiridhia wote, nyumba inaondoka na kinachobaki ni bajaji ya milioni 5, maana milioni 8 za benki zimelipa madeni. Hapo thumni ya mama inashuka kutoka milioni 10 hadi 625,000, na kila binti anapata 625,000 hiyo hiyo. Nimeiweka wazi hivyo kwa sababu ridhaa hutolewa haraka sana matanga yakiwa bado mabichi, na mama anayelia ndiye wa kwanza kusema "mpeni tu mtoto". Ridhaa iwe ya mtu aliyeonyeshwa tarakimu, iandikwe, isainiwe. Asiyeridhia anabaki na haki yake, na aliyeridhia ameachia fungu lake tu, hajaachia la mwenzake.

Kabla ya hesabu hiyo kuna swali la kumuuliza mama kwa upole, siku ambayo ametulia: nyumba ya Mbagala ilijengwa na nani? Kama jina lake limo kwenye hati, leseni ya makazi au karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, sehemu yake haingii kwenye mirathi kabisa. Na deni la SACCOS usilimalize bado. Vyama vingi huikatia bima mikopo ya wanachama. Peleka cheti cha kifo, uliza kwa maandishi kama mkopo wa baba ulikuwa nayo. Ikiwa ulikuwa nayo, milioni 6.5 zinarudi kwenye mali na hesabu yote hapo juu inapanda.

Umeuliza kunyamaza kuna ubaya gani. Nisikutishe, lakini nisikufiche. Ulipoomba usimamizi mwezi wa Julai hukujua kuna wosia, na hapo hukumdanganya mtu. Tafuta nakala ya maombi yako uone uliandika nini juu ya wosia. Leo unajua. Kuficha wosia kwa nia ya kudanganya ni kosa la jinai, na kanuni za mirathi za Mahakama za Mwanzo zinataja sababu za kutengua uteuzi, ikiwemo uteuzi uliopatikana kwa hila, uliotolewa bila kujua jambo ambalo lingeubatilisha, na msimamizi anayekwenda kinyume na maslahi ya wadai, warithi au wanufaika. Yule kijana ni mnufaika. Hata tukiiacha sheria pembeni, karatasi hiyo imeshaonwa na mama, wewe, kaka na wazee, na mashahidi wake wawili wako hai mtaani. Siri ya watu saba au wanane mnaisimamia vipi kwa miaka kumi, nyumba ikiwa imeshauzwa kwa mtu wa tatu?

Njia zilizobaki zote zinapitia mahakamani, lakini si lazima zifanane na kushtakiana. Ya kwanza ni baba mdogo kukataa kazi. Hakuna anayelazimishwa kuwa mtekelezaji kwa sababu tu jina lake liliandikwa. Anaandika kwa mkono wake kwamba ameusoma wosia, hawezi kuutekeleza kwa sababu ya umri na afya, na hana pingamizi wewe uendelee. Wewe unaupeleka wosia, hakimu anawaita warithi na mashahidi, anaamua kama wosia ni halali, na ukibaki na usimamizi wako unagawa kwa kuufuata. Udhaifu wa njia hii ni kwamba unaweza kuonekana umemsukuma mzee. Ndiyo maana afadhali barua hiyo aiandike Tanga, mbele ya watu wake, kuliko aje kuisaini sebuleni kwenu.

Ya pili ni yeye kukubali. Hapo unarudisha barua ya uteuzi mahakamani, na mahakama ikishamteua yeye unamkabidhi mali kwa hesabu: kodi iliyoingia, iliyotumika, ufunguo, kadi ya bajaji. Wosia utakuwa umefuatwa kama ulivyo. Ila fikirini mzee atakayesafiri kutoka Tanga kila benki inapotaka saini, na mkumbuke kwamba mtekelezaji akikosea anawajibika yeye, hata kama aliyemshika mkono ni wewe. Inawezekana pia mahakama iwateue wote wawili, kwa kuwa sheria inaruhusu msimamizi zaidi ya mmoja. Jina la mdogo wa marehemu linatuliza wazee na miguu yako inafanya kazi. Ugumu unakuja mnapotofautiana, maana kila jambo litasubiri saini mbili.

Na ikiwa mahesabu ya nyumba yatawafikisha pabaya, mahakama inaweza kumteua mtu mwaminifu asiye na upande. Yupo pia Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye shughuli zake ziko RITA. Mtu wa nje hana ugomvi wa utotoni na yeyote kati yenu. Lakini hamjui mama, na gharama zake hutoka kwenye mali hiyo hiyo.

Ipi kati ya hizo, utajua ukishaongea na baba mdogo. Umeandika juu ya umri na magoti yake, hukuandika yeye mwenyewe amesema nini. Inaelekea hajaambiwa. Mpigie kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Karatasi yenyewe itunze kwenye bahasha yake. Usiibane kwa pini, usiitoboe, usiandike kitu juu yake, kwa sababu alama yoyote mpya itaulizwa. Piga picha kila ukurasa, toa nakala tatu, na andika mahali pengine tarehe iliyopatikana na waliokuwepo. Kisha andika barua kwa hakimu ukitaja namba ya shauri la mirathi, jina la marehemu, tarehe ya uteuzi wako na namna wosia ulivyopatikana, ukiomba maelekezo. Ambatisha nakala, asili uikabidhi siku utakayoitwa, mbele ya hakimu, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usimwachie karani asili dirishani.

Katika barua hiyo hiyo omba muda. Msimamizi wa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha kamili ya mali na madeni, Fomu Na. V, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa. Wewe siku yako ni tarehe 14 Novemba. Mahakama inaweza kukuongezea, lakini ombi lililofika kabla ya siku hiyo lina uso kuliko maelezo ya baadaye. Fomu Na. VI ni ya hesabu, na hapo ndipo kodi ya wapangaji inapokuja kuuliza. Kodi iliyoingia baada ya Machi ni mali ya mirathi, hata kama imenunua unga wa nyumba ya mama. Leo usiku chukua daftari, upande mmoja andika tarehe, chumba na kiasi kilichoingia, upande wa pili kilichotoka na risiti yake. Lisilo na risiti liandike hivyo hivyo, "hakuna risiti, LUKU ya nyumba", na jina la aliyelipwa. Hakimu huelewa matumizi madogo yasiyo na risiti. Asichoelewa ni kurasa tupu. Na kodi ya mwezi ujao isipite kwenye simu yako pamoja na fedha za kwako. Iwe na akaunti yake.

Limebaki la kaka na mteja wake. Aliyeuza kiwanja cha Chanika hakuwa na mamlaka ya kuuza, maana anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi, na msimamizi hajasaini kitu. Usisaini sasa, hata ukiambiwa ni karatasi ya serikali ya mtaa tu. Ile milioni 3 ni deni la kaka kwa mteja, haiingii kwenye madeni ya marehemu na isilipwe kwa kodi ya wapangaji. Ongea naye ukiwa peke yako kabla ya kikao, kwa sababu mbele ya wazee atajitetea. Huenda fedha ameshaitumia na aibu ndiyo inayomfanya atake karatasi ichanwe. Ikiwa ni hivyo, anaweza kumwomba mteja muda na kumlipa kidogo kidogo, au mkakubaliana kwa maandishi kwamba itakatwa kwenye mafungu yake mawili siku ya mgao. Mteja naye aambiwe mapema kwamba kiwanja kina shauri mahakamani, kabla hajashusha tofali.

Ukishaongea na baba mdogo, niandikie amesema nini. Kama atakubali kazi, nitakueleza namna ya kuandaa makabidhiano yenu kitu kwa kitu.